Zege lililozidi na kesingi iliyochelewa kuvutwa: paili katika korongo la mchanga

*Mimi ni fundi sanifu, nasimamia ujenzi wa daraja dogo juu ya korongo la mchanga upande wa Chamwino. Paili ya kwanza, yaani nguzo ya zege inayomwagwa ndani ya shimo lililochimbwa ardhini, ina kipenyo cha mita 1 na kina cha mita 14. Mchanga unaishia mita 9, kisha inafuata granaiti iliyooza. Maji tuliyakuta mita 2.5. Mkandarasi alizamisha kesingi ya muda ya mita 6, yaani bomba la chuma la kuzuia kuta za shimo, na chini yake akachimba kwa tope la bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi laini uliokorogwa na maji. Shimo lililala usiku mmoja, asubuhi tope likawa limeshuka karibu mita 2. Lori la kwanza la zege (mita za ujazo 5) lilimwagwa saa nne asubuhi, likafikisha zege mita 8.2 kutoka juu. La pili (5) likalifikisha mita 5.2, la tatu (4) lilichelewa zaidi ya saa mbili, likalifikisha mita 0.3. Saa nane mchana kesingi ikaanza kuvutwa. Nondo zilipanda kama sentimita 15, kisha zege likashuka ghafla mita 1.2, tukajazia mita moja ya ujazo. Hesabu ilikuwa mita za ujazo 11, tumetumia 15. Mkandarasi anasema zege lililozidi limeinenepesha paili, kwa hiyo ni imara kuliko mchoro. Niipokee? Na tano zilizobaki tuzichimbeje?*

Ndugu fundi sanifu, usiipokee bado, wala usiruhusu vichwa vya nondo vikatwe au kofia ya zege inayounganisha paili ijengwe juu yake. Sisemi kwamba paili imeharibika. Nasema kwamba kumbukumbu ulizoziandika, ambazo nakupongeza kwa kuziandika kwa uangalifu, zinaonyesha mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, na mkandarasi anakuonyesha lile lisilo na madhara makubwa ili lifunike lile la hatari. Labda hafanyi hivyo kwa makusudi. Ni jambo la kawaida kwenye maeneo ya kazi kuangalia jumla ya zege na kuridhika ikiwa imezidi.

Jumla haisemi chochote kuhusu mahali zege lilipokwenda. Paili inaweza kula zege la ziada mita za ujazo 4 katika kina kimoja, na wakati huohuo ikawa na shingo nyembamba au ukanda wa mchanga mita moja juu yake, na jumla bado ikasoma vizuri. Kwa hiyo tuisome paili yako kipande kwa kipande.

Shimo la kipenyo cha mita 1 lina eneo la mita za mraba 0.785, yaani kila mita ya kina inahitaji zege mita za ujazo 0.785. (Nimechukua kipenyo hicho kote, ingawa ndoo ya kuchimbia inayopita ndani ya kesingi huwa nyembamba kidogo.) Lori la kwanza lilipandisha zege kutoka mita 14 hadi 8.2, yaani mita 5.8, ambazo kwa hesabu zinahitaji 4.55. Mlitumia 5. Ziada ya asilimia 10 hivi ndani ya granaiti iliyooza ni ya kawaida, kwa sababu ndoo huparua kuta na vipande vya mwamba hung'oka. Lori la tatu lilipanda ndani ya kesingi mita 4.9, ambazo zinahitaji 3.85, na mlitumia 4. Hapo pia pako sawa, kwa kuwa chuma hakinenepi.

Kisa kiko kwenye lori la pili. Lilipandisha zege kutoka mita 8.2 hadi 5.2. Mita 0.8 za juu zilikuwa tayari ndani ya kesingi, zikachukua kama 0.63. Zilizobaki, mita za ujazo 4.37, zimeingia katika mita 2.2 tu zilizo chini ya ncha ya kesingi. Hiyo ni karibu mita za ujazo 2 kwa kila mita, ambayo ni sawa na shimo lenye kipenyo cha wastani cha mita 1.6. Kati ya mita za ujazo 4 zilizozidi, zaidi ya 2.6 ziko hapo, katika pango lililofunguka kwenye mchanga mara tu kesingi ilipoishia.

Pango hilo lilizaliwa usiku ule. Mchanga wa makorongo yetu ya Dodoma ni zao la granaiti: ni wa chembe kubwa, safi, na una udongo wa mfinyanzi kidogo sana wa kuzishikanisha chembe. Kila aliyekulia kwetu amewaona akina mama wakichimba visima vya mchangani wakati wa kiangazi. Kuta zinasimama vizuri wakati mchanga una unyevunyevu tu, kwa sababu maji kidogo yaliyo kati ya chembe yanazivuta pamoja; lakini ukifikia maji yenyewe, mvuto huo unakwisha, kuta zinatiririka, na unavyozidi kuchota ndivyo kisima kinavyozidi kupanuka badala ya kushuka. Shimo la paili chini ya mita 2.5 liko katika hali hiyohiyo, ila hapa halipaswi kupanuka.

Tope la bentonaiti huzuia hali hiyo kwa namna mbili zinazotegemeana. Kwanza, tope linajaribu kupenya kwenye mchanga, maji yake yanapita na chembe za bentonaiti zinabaki ukutani kama utando mwembamba. Pili, uzito wa tope unausukuma utando huo kuelekea nje, na ukuta unasimama. Utando bila msukumo hausaidii, na msukumo huo unatokana na tofauti ya urefu kati ya tope ndani ya shimo na maji yaliyo nje.

Chukua kina cha mita 7, katikati ya pango lako. Tope lilipokuwa limejaa hadi juu, msukumo wake hapo ulikuwa karibu kilonyutoni 73 kwa mita ya mraba, na maji ya nje yalisukuma kwa 45. Tofauti ya 28 ilitosha kushikilia mchanga. Lilipokuwa limeshuka mita 2, msukumo wake ulikuwa karibu 52, na tofauti ikabaki 7 hivi. Kwa hiyo mchanga ulianza kuporomoka kidogo kidogo usiku bila mtu kusikia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuongeza tope. Kanuni ya kawaida ni kwamba tope la bentonaiti lisiruhusiwe kushuka chini ya mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na tope la polima linahitaji kimo kikubwa zaidi ya hicho. Lako lilibakiwa na nusu mita.

Kwa nini lilishuka? Katika mchanga wa chembe kubwa tope hupotea kwa kupenya, hasa likiwa jepesi au halijaiva. Bentonaiti inahitaji muda wa kunyonya maji, na desturi nzuri ni kuichanganya siku moja kabla. Tena inachukia chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, kama ulimi wako unavyojua, na bentonaiti iliyochanganywa na maji hayo huganda vibonge badala ya kuwa uji laini. Utando wake unakuwa mnene na wenye matundu, na tope linavuja. Waulize maji ya kuchanganyia waliyatoa wapi. Kama ni ya kisima, yapimwe, na yakiwa magumu yatibiwe kwa magadi soda kabla ya kutia bentonaiti. Yakiwa na chumvi nyingi, magadi soda hayatoshi, na ni nafuu kuleta maji mengine kwa lori kuliko kurudia paili.

Sasa nirudi kwa mkandarasi. Kuhusu uvimbe wenyewe, ana haki kwa kiasi fulani. Zege lililojaza pango kati ya mita 6 na 8.2 halipunguzi uwezo wa paili kubeba mzigo wa wima. Limemgharimu yeye, na ningelijadili kwenye malipo tu. Kuna swali moja la pembeni: mchanga ulioporomoka ulianguka wapi? Ulianguka chini ya shimo. Hujaniambia kamba ya kupimia ilisoma ngapi asubuhi kabla ya kushusha nondo, wala kama ndoo ya kusafishia ilirudishwa chini. Kama kamba haikupimwa upya, huenda paili imekaa juu ya mto wa mchanga na tope badala ya granaiti, na paili iliyokusudiwa kubebwa na kitako itazama kabla kitako hakijaanza kufanya kazi. Lishike swali hilo, maana litatuamulia kina cha uchunguzi.

Linaloninyima utulivu ni saa nane mchana.

Kesingi ya muda inapovutwa, zege lililo ndani yake linapaswa kubaki mahali pake, lishuke kidogo, na kujaza nafasi iliyoachwa na unene wa chuma. Kwa kesingi ya ukuta wa milimita 16, chuma cha mita 6 kina ujazo wa mita 0.3 hivi, na kwa hiyo zege lingeshuka karibu sentimita 40, taratibu, kadiri kesingi inavyopanda. Lenu halikufanya hivyo. Lilipanda kwanza pamoja na nondo, kisha likaanguka mita 1.2.

Zege bichi lililo laini linajisukuma kama kimiminika. Kwenye ncha ya kesingi, mita 6 chini, zege lililojaa hadi mita 0.3 lingesukuma kwa takriban kilonyutoni 137 kwa mita ya mraba, wakati maji ya nje yanasukuma kwa 35 tu. Kwa tofauti hiyo, kesingi ikipanda sentimita moja, zege linaijaza sentimita hiyo papo hapo, na maji hayapati mwanya. Lakini hesabu hiyo ni ya zege laini. Likianza kukaza, linaushika ukuta wa chuma, linajibeba lenyewe kwa kuegemea pembeni, na uzito wa lililo juu haufiki tena kwenye ncha. Kesingi ikivutwa, inalibeba zege pamoja na nondo zilizomo ndani yake, na chini ya ncha linafunguka pengo. Maji na mchanga wa pembeni havisubiri.

Zege lenu lilikuwa na sababu zote za kukaza. La kwanza lilimwagwa saa nne, na mlianza kuvuta saa nane. Na usidhani kwamba zege hilo la kwanza lilikuwa limelala salama chini kabisa, kwani linapomwagwa kwa trimi, yaani kwa bomba linaloanzia chini ya shimo, zege jipya hupanda katikati na kulisukuma la zamani juu na pembeni. Kwa hiyo lililokuwa limegusa ukuta wa kesingi huenda lilikuwa na umri wa saa nne, katika jua la Dodoma, bila shaka bila kemikali ya kutosha ya kuchelewesha kukaza.

Mpaka hapo kuna maelezo mawili ya mshuko wa ghafla, na sitaki nikufiche kwamba moja ni la heri. Inawezekana mchanga uliokuwa nyuma ya kesingi ulikuwa umetiririka kuingia kwenye pango la chini, ukaacha uwazi wenye maji nje ya chuma. Kesingi ilipopita, zege lilijimwaga kwenye uwazi huo, na mshuko wa mita 1.2 ni sentimita 40 za kawaida pamoja na mita za ujazo 0.6 hivi zilizoziba uwazi. Katika hali hiyo paili ni nzima, ila imejaa mikunjo na huenda zege la pembeni limeoshwa na maji. Maelezo ya pili ni kwamba zege lilikatika karibu na mita 5 au 6, pengo likajaa maji na mchanga, kisha zege la juu likaachia ukuta na kuangukia juu ya uchafu huo. Hapo utakuwa na paili iliyokatwa vipande viwili, iliyounganishwa na nondo tu.

Kupanda kwa nondo sentimita 15 kunaniegemeza upande wa pili, kwa sababu nondo hazipandi isipokuwa zege linalozizunguka linapanda, au kama zilikuwa zimepinda na kukwama kwenye kesingi. Lakini kuegemea si kujua. Kipande kinachotiliwa shaka kiko mita 5.5 chini, na hakuna anayeweza kukihukumu kwa kusimama juu yake.

Pengine utaambiwa kwamba hata kama kuna shingo, nondo zitabeba. Katika korongo hoja hiyo haisimami. Kati ya Desemba na Aprili mafuriko huchota mchanga unaozunguka nguzo za daraja, na mita kadhaa za juu za paili zinabaki bila mshiko. Maji na magogo yanasukuma kwa upande, na nguvu ya kupinda inakuwa kubwa katika sehemu ya juu ya paili, chini kidogo ya usawa mpya wa mchanga. Mchanga ukichotwa mita 3, mahali pa mita 5.5 panakuwa mita 2.5 tu chini ya sakafu ya mto. Zege lililokatika hapo ni kasoro mahali pabaya kuliko pengine pote, na nondo zilizokosa zege la kuzifunika zitaliwa na kutu ndani ya maji yaleyale ya chumvi.

Uchunguzi uanze kwa ule ulio rahisi. Kipimo cha nyundo ndogo hufanyika juu ya kichwa cha paili kilichosafishwa hadi zege gumu, baada ya siku 7 hivi. Mpimaji anagonga, na kihisi kinasikiliza mwangwi. Sauti husafiri katika zege zuri kwa mita 4,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kasoro iliyo mita 5.5 utarudi baada ya milisekunde 2.75, na wa kitako baada ya milisekunde 7. Ni kipimo cha bei nafuu, na pengo kamili kitalionyesha waziwazi. Mipaka yake uijue mapema, kwani katika paili yako shingo inayoshukiwa iko juu kabisa ya uvimbe wa mita 1.6, na miangwi ya mabadiliko mawili yaliyokaribiana inachanganyikana. Uvimbe huo pia unaweza kumeza mwangwi wa kitako. Matokeo mabaya yaaminike. Matokeo yasiyoeleweka yasichukuliwe kuwa mazuri. Na hata yakiwa mazuri, kipimo hiki hakitakuambia kama kuna mchanga laini chini ya kitako.

Kwa hiyo, kwa paili hii moja, mimi ningelipa gharama ya kutoboa na kutoa kiini cha zege. Matundu mawili, ndani ya mzunguko wa nondo, kila moja upande wake, yakipita kwenye eneo la shaka na angalau moja likiendelea hadi nusu mita ndani ya granaiti iliyo chini ya kitako. Simama karibu na mashine mwenyewe. Andika kila mahali ambapo fimbo imeshuka yenyewe, ambapo maji ya kupozea yamepotea au yamebadilika rangi, na ambapo kiini kimetoka pungufu ya urefu uliotobolewa. Hizo ndizo dalili, hata kabla ya kiini kuwekwa kwenye sanduku. Kiini kitokacho kizima mita 14 kutoka pande mbili, pamoja na mgusano safi kati ya zege na mwamba, kinanitosha kusema kwamba sehemu ya kati ni nzima. Hakisemi kitu kuhusu zege lililo nje ya nondo, na lazima mhandisi aliyesanifu daraja alitambue hilo.

Matundu hayo mawili yana faida nyingine. Yakijazwa maji, mpimaji anaweza kushusha kipaza sauti katika moja na kipokeaji katika jingine, kisha kuvipandisha pamoja na kupima muda wa sauti kupita kati yake katika kila kina. Kwa paili zilizobaki, mabomba ya kazi hiyo yafungwe kwenye nondo kabla ya kumwaga zege, moja kwa takriban kila milimita 300 za kipenyo. Kwa kipenyo chako ni matatu au manne. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kutoboa baadaye.

Yupo mtu atakayependekeza kuchimba pembeni ili kuitazama kasoro kwa macho. Hadi mita 2 katika kiangazi, kwa mteremko mpana, inawezekana. Hadi mita 5.5, mita 3 chini ya maji katika mchanga huu, hapana, na asishushwe mtu katika shimo lolote la paili kwa sababu yoyote, hata akifungwa kamba. Mchanga unaotiririka unamfukia mtu kabla ya winchi kukaza.

Matokeo yakija, njia ni chache. Kasoro ikiwa nyembamba na imezungukwa na zege zuri, inaweza kuoshwa kwa maji ya shinikizo kubwa kutoka tundu moja hadi jingine, kisha kujazwa grauti, yaani uji wa saruji, kwa shinikizo. Kazi hiyo hufanikiwa pale tu maji yanapotoka tundu la pili yakiwa safi, kuonyesha kwamba mchanga umetoka. Grauti iliyopigwa juu ya mchanga usiooshwa ni rangi tu. Paili ikiwa imekatika kabisa, mimi singeirekebisha. Ningeomba paili mbili mpya pembeni yake na kofia ya zege iliyopanuliwa. Ni ghali na mkandarasi atalalamika, lakini uamuzi huo si wake wala si wako. Ni wa mhandisi msanifu, naye aupewe kwa maandishi pamoja na kumbukumbu zako, grafu ya nyundo na picha za viini. Kama daraja halina mhandisi wa miamba na udongo, mwajiri amtafute mmoja aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje eneo la kazi kabla ya paili ya pili kuanza, kwa sababu yako mambo ambayo barua haiwezi kuyaona, kama vile hali ya kuta za kesingi na ubora wa tope lililomo kwenye matangi.

Sasa zile tano. Chanzo cha pango ni mita 3 za kesingi zilizokosekana. Mchanga unaishia mita 9, nayo kesingi iliishia 6, ikaacha mita 3 za mchanga ulio hatari kuliko wote zikitegemea tope lisilo na msimamizi. Omba kesingi ya mita 10 hivi, iingie kwenye granaiti iliyooza kiasi cha kuziba. Ishushwe kwa nyundo ya mtetemo au kwa kuzungushwa na rigi, yaani mashine ya kuchimbia, na wakati wote ncha yake itangulie ndoo. Mchimbaji anayechimba mita moja chini ya ncha ili kesingi ishuke kwa urahisi anatengeneza pango lilelile. Ikiingia kwenye mwamba na kuziba, sehemu iliyobaki inaweza kuchimbwa bila tope, lakini shimo lijazwe maji hadi juu wakati wote, ili maji ya nje yasipate njia ya kuingia kupitia kitako na kukichemsha kama chemchemi.

Kama kesingi ndefu haipatikani, tope peke yake linaweza kufanya kazi, mradi liangaliwe. Mtu mmoja awe na kazi ya kuongeza tope usiku na mchana, ndoo ivutwe polepole ili isinyonye kuta kama bomba la sindano, na shimo lisilazwe: anza alfajiri, maliza siku hiyohiyo. Kabla ya zege, chukua tope kutoka chini ya shimo na upime mchanga uliomo. Ukizidi asilimia 4 ya ujazo, tope lichujwe au libadilishwe, maana mchanga huo utaanguka juu ya zege linalopanda na kunaswa kati ya nondo. Mimi bado ningechagua kesingi. Katika korongo ambalo maji yanaweza kupanda hadi sakafu ya mto baada ya mvua moja ya milimani, kimo cha tope ni kitu usichoweza kukiahidi.

Kuhusu zege, agiza slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ya milimita 180 hadi 220, kokoto zisizozidi milimita 20, na kemikali ya kuchelewesha iliyojaribiwa kwa saruji hiyohiyo na katika joto hilohilo la mchana. Sharti la kuandikwa kwenye utaratibu wa kazi ni kwamba slampu isipungue milimita 100 hadi kesingi imalizike kuvutwa. Chukua ndoo moja ya zege la lori la kwanza, liweke kivulini, na upime slampu yake kabla tu ya kuvuta; hiyo ndiyo saa yako halisi, si ile ya mkononi. Malori yote yawe yamefika au yako njiani kabla la kwanza halijamwagwa. Likichelewa mojawapo, usimngoje dereva na kesingi ikiwa imetulia: mtetemo mfupi au mzunguko mdogo kila baada ya dakika chache hulizuia zege lisiushike ukuta, na kama zege tayari limepanda vya kutosha ndani ya kesingi, unaweza kuvuta sehemu yake mapema, mradi zege libaki angalau mita 3 juu ya ncha na mdomo wa trimi usipungue mita 2 ndani ya zege.

Na wakati wa kuvuta, mtu mmoja ashike kamba juu ya zege na mwingine aangalie alama ya chokaa kwenye nondo. Nusu mita ya kwanza ivutwe polepole sana. Nondo zikipanda hata sentimita 2, simamisha, rudisha kesingi chini, itetemeshe, na ujaribu tena. Zikipanda mara ya pili, iache kesingi ardhini. Itamgharimu mkandarasi chuma, na mhandisi atalazimika kupunguza msuguano uliotarajiwa katika mita hizo 10, lakini katika paili inayobebwa zaidi na granaiti hasara hiyo inahesabika na kufidiwa, na zege lililo ndani litabaki jinsi lilivyomwagwa.